Umelipa, Bidhaa Haikuja: Njia za Kudai Fedha kwa Muuzaji wa Mtandaoni

Mtu anapolipia bidhaa mtandaoni na asiipate, jambo la kwanza linalomjia akilini ni kwenda kituo cha polisi. Ana haki ya kwenda, kwa kuwa kupokea fedha za mtu kwa udanganyifu ni kosa la jinai. Hata hivyo, kesi ya jinai ni ya Serikali dhidi ya mshtakiwa, na lengo lake kuu ni adhabu. Anayetaka fedha zake zirudi ana njia nyingine, nayo ni ile ya madai. Katika njia hiyo mnunuzi ndiye mwenye kesi, muuzaji ndiye mdaiwa, na jambo linalobishaniwa ni deni. Haimlazimu mnunuzi kuthibitisha kuwa muuzaji alikuwa na nia ya kutapeli. Inatosha aonyeshe kwamba palikuwa na makubaliano ya kuuziana, kwamba alilipa, na kwamba bidhaa haikuletwa.

Makala haya yanaeleza jinsi njia hiyo inavyofuatwa nchini Kenya, tangu siku ambayo mnunuzi anaanza kupata shaka hadi siku ya kukaza hukumu. Ili maelezo yaeleweke vyema, tutafuata mfano mmoja wa kubuni.

Mfano wetu

Fundi cherehani wa Nakuru aliona tangazo la mashine ya ovaloki katika ukurasa wa biashara ulio kwenye mtandao wa kijamii. Muuzaji alisema duka lake liko Nairobi. Walikubaliana bei kwa ujumbe wa simu: mashine kwa shilingi 38,000, pamoja na shilingi 1,200 za usafiri, na mzigo kufika Nakuru kabla ya tarehe 8 Januari. Fundi alitaka tarehe hiyo izingatiwe kwa sababu alikuwa na sare za shule za kushona, naye alimwambia muuzaji hivyo. Tarehe 5 Januari alilipa bei ya mashine kupitia nambari ya tili, na nauli ya mzigo akaituma kwa nambari ya simu ya muuzaji mwenyewe.

Tarehe 8 ilipita. Muuzaji alisema gari limeharibika njiani. Siku mbili baadaye alisema mzigo umezuiliwa, akaomba shilingi 2,500 zaidi ili uachiliwe. Fundi akazituma. Tangu hapo simu ikawa haipokewi, na baada ya wiki moja akazuiwa kutuma ujumbe. Jumla ya fedha alizotoa ni shilingi 41,700.

Hapa pana funzo la mapema. Malipo ya nyongeza yanayoombwa baada ya tarehe ya kuleta bidhaa kupita ndiyo dalili iliyo wazi zaidi kwamba bidhaa haiko safarini. Mzigo uliokabidhiwa kampuni ya usafirishaji una stakabadhi yenye nambari. Asiyeweza kukuonyesha stakabadhi hiyo hana mzigo wa kuukomboa.

Sheria inasema nini kuhusu bidhaa isiyoletwa

Mauzo ya bidhaa yanaongozwa na Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 31. Wajibu wa muuzaji ni kukabidhi bidhaa, na wajibu wa mnunuzi ni kuipokea na kulipa bei. Ikiwa makubaliano hayakutaja siku ya kuleta, muuzaji anatakiwa kuileta katika muda ulio wa kadiri. Asipokabidhi, mnunuzi anaweza kudai arudishiwe bei aliyolipa, kwa kuwa kile alicholipia hakikupatikana kabisa. Anaweza pia kudai fidia ya hasara iliyotokana moja kwa moja na kukosa bidhaa.

Makubaliano si lazima yawe karatasi yenye sahihi. Ujumbe wa simu unaotaja bidhaa, bei na siku ya kuleta, pamoja na uthibitisho wa malipo, unaonyesha kwamba mkataba ulifanyika.

Upo utetezi mmoja ambao mnunuzi anapaswa kuutarajia, kwa maana huwashtua wengi. Muuzaji anaweza kusema, “Mimi nilikwisha kabidhi mzigo kwa basi.” Chini ya Sura ya 31, pale ambapo muuzaji ameruhusiwa kumtumia mnunuzi bidhaa, kuikabidhi kwa msafirishaji huchukuliwa, mpaka ithibitishwe vingine, kuwa ni kuikabidhi kwa mnunuzi. Kwa hiyo, ikiwa kweli mzigo ulipokewa na msafirishaji ukapotea njiani, huenda dai likamwelekea msafirishaji badala ya muuzaji. Ndiyo maana swali la kwanza la kumwuliza muuzaji, tena kwa maandishi, ni hili: “Ulimkabidhi nani mzigo, lini, na nambari ya stakabadhi ni ipi?” Akijibu kwa ushahidi, utajua umdai nani. Asipojibu, ukimya wake utakusaidia mbele ya mahakama.

Jambo la kwanza: kujua unamdai nani

Madai mengi ya namna hii hukwama hata kabla ya kusikilizwa, kwa sababu mnunuzi anamjua muuzaji kwa jina la ukurasa tu. Jina la ukurasa wa mtandaoni si mtu. Haliwezi kupelekewa hati za mahakama, wala haliwezi kulipa. Mahakama inahitaji mtu mwenye jina lake, au kampuni iliyosajiliwa.

Pa kuanzia ni ujumbe wa uthibitisho wa malipo. Malipo ya tili huonyesha jina la biashara, na fedha zinazotumwa kwa nambari ya simu huonyesha jina la mwenye laini. Fundi wetu alikuwa na vyote viwili, kwa kuwa alilipa kwa njia mbili. Hatua iliyofuata ilikuwa kuomba taarifa za jina la biashara katika Huduma ya Usajili wa Biashara, kupitia jukwaa la eCitizen. Taarifa hizo hutaja mwenye biashara. Ikiwa ni kampuni, taarifa rasmi hutaja wakurugenzi na anwani iliyosajiliwa.

Mwenye jina la biashara hushtakiwa kwa jina lake mwenyewe, kisha huongezwa maneno “anayefanya biashara kwa jina la”, na jina la biashara hufuata. Kampuni hushtakiwa kwa jina lake kamili kama lilivyosajiliwa. Wakurugenzi hawachukuliwi kuwa wadaiwa kwa sababu tu ya kuwa wakurugenzi.

Ikiwa kilichopo ni nambari ya simu pekee, usitarajie kampuni ya simu ikupe jina na anwani ya mteja wake kwa kuulizwa tu. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inalinda taarifa hizo. Mahakama ndiyo inayoweza kuamuru zitolewe. Ikidhihirika kuwa laini ilisajiliwa kwa kitambulisho cha mtu asiyehusika, njia ya madai huwa nyembamba sana, na hapo taarifa kwa polisi ndiyo inayobaki kuwa na maana.

Jambo la pili: kuhifadhi ushahidi kabla haujafutwa

Ukurasa wa mtandaoni unaweza kufutwa kwa dakika moja. Mara unapoanza kupata shaka, na kabla ya kumwambia muuzaji kwamba utamshtaki, hifadhi tangazo lenyewe likionyesha jina la ukurasa, picha ya bidhaa na bei. Mazungumzo yote tangu mwanzo hadi mwisho yakiwa na tarehe na nambari ya simu. Na ujumbe wa malipo wenye nambari ya muamala. Usichague sehemu zinazokupendeza na kuacha nyingine. Mazungumzo yaliyokatwa katikati hutiliwa shaka.

Usifute chochote katika simu. Sheria ya Ushahidi, Sura ya 80, inakubali ushahidi wa kielektroniki, lakini inataka nakala zilizochapishwa ziambatane na hati ya uthibitisho inayoeleza zilitoka katika kifaa gani, jinsi zilivyochapishwa, na nani alizichapisha. Mahakama ya Madai Madogo haifungwi na kanuni zote za ushahidi kama mahakama nyingine zilivyo. Hata hivyo, hati hiyo fupi humwondolea muuzaji nafasi ya kusema kwamba nakala zako zimebuniwa.

Kabla ya mahakama: benki na barua ya madai

Aliyelipa kwa kadi ya benki ana njia inayostahili kujaribiwa kwanza. Kanuni za mitandao mikubwa ya kadi humruhusu mwenye kadi kupinga muamala kupitia benki yake kwa sababu ya kutopokea bidhaa. Benki yako huwasilisha pingamizi kwa benki ya muuzaji, na muuzaji hutakiwa kuonyesha kwamba alileta. Muda wa kufanya hivyo una mwisho. Kwa kawaida ni siku 120 zinazohesabiwa tangu siku ambayo bidhaa ilitarajiwa kufika, lakini benki yako yaweza kutaka uiarifu mapema zaidi. Usiuache muda huo upite ukiongojea ahadi za muuzaji.

Malipo ya simu hayana njia iliyo sawa na hiyo. Huduma ya kurudisha muamala imewekwa kwa ajili ya fedha zilizotumwa kwa nambari isiyokusudiwa. Fundi wetu alituma kwa nambari aliyoikusudia, kwa hiyo malalamiko yake si ya kosa la kutuma bali ni ya mkataba uliovunjwa. Yafaa kuijulisha kampuni ya simu kwamba nambari hiyo inatumiwa kupokea fedha za bidhaa zisizoletwa, lakini taarifa hiyo haichukui nafasi ya dai.

Hatua inayofuata ni barua ya madai. Haihitaji wakili. Itaje pande zote mbili, tarehe ya makubaliano, bidhaa na bei, malipo yaliyofanywa pamoja na nambari za miamala, na siku iliyopita bila bidhaa kuletwa. Kisha itamke waziwazi mambo mawili: kwamba hutaki tena bidhaa, na kwamba unataka kiasi fulani kilipwe kabla ya tarehe fulani, la sivyo utafungua dai. Siku 7 au 14 ni muda unaotosha. Ukiacha neno “rudisha pesa au lete mashine”, utampa muuzaji nafasi ya kuendelea kuahidi mashine. Barua yapaswa kutumwa kwa njia inayoacha alama: kwa ujumbe wa simu, kwa barua pepe, na kwa anwani ya biashara ikiwa inajulikana.

Fundi alituma barua yake tarehe 22 Januari akitoa siku 14. Muuzaji hakujibu. Barua hiyo haikuwa kazi bure. Inamwonyesha mwamuzi kwamba mdaiwa alipewa nafasi ya kulipa bila kesi, na husaidia mnunuzi anapoomba gharama.

Katika kipindi hiki mnunuzi anaweza pia kuwasilisha malalamiko kwa Mamlaka ya Ushindani ya Kenya, ambayo chini ya Sheria ya Ushindani ya mwaka 2010 hushughulikia matangazo ya uongo na mienendo mingine inayowadhulumu watumiaji. Malalamiko hayo hayazuii dai mahakamani, wala hayasimamishi muda wa kisheria. Dai la mkataba lina miaka 6 tangu mkataba ulipovunjwa, ingawa kungoja kwa muda mrefu humpa mdaiwa nafasi ya kutoweka.

Mahakama ya Madai Madogo

Mahakama hii iliundwa na Sheria ya Mahakama ya Madai Madogo ya mwaka 2016, na ya kwanza ilifunguliwa Milimani, Nairobi, mwaka 2021. Leo zipo katika miji mingine pia. Inasikiliza madai yasiyozidi shilingi 1,000,000, yakiwemo ya mkataba wa kuuza bidhaa na ya fedha zilizopokewa na mtu asiyestahili kubaki nazo. Msikilizaji huitwa mwamuzi. Sheria inataka dai lisikilizwe na kuamuliwa ndani ya siku 60 tangu lilipowasilishwa. Unaweza kujiwakilisha mwenyewe, na unaweza kujieleza kwa Kiswahili.

Dai huwasilishwa mahali ambapo mdaiwa anaishi au anafanya biashara, au mahali ambapo mkataba ulifanywa au ulikusudiwa kutekelezwa. Kwa kuwa mashine ilipaswa kuletwa Nakuru, fundi alikuwa na hoja ya kufungua dai lake Nakuru bila kulazimika kusafiri hadi Nairobi.

Hati ya kuanzia ni taarifa ya dai, nayo ina fomu yake. Huwasilishwa kupitia mfumo wa Mahakama wa kielektroniki, efiling.court.go.ke, na masijala ya mahakama huwasaidia wasioweza kuutumia. Ada hulipwa wakati wa kuwasilisha. Katika fomu, fundi aliandika maelezo mafupi ya mambo yaliyotukia kwa kufuata tarehe, kisha akaorodhesha anachodai: shilingi 38,000 za mashine, 1,200 za usafiri, 2,500 alizotozwa baadaye, riba, na gharama za kesi. Alitaka pia kudai faida aliyoikosa kwa sababu sare hazikushonwa. Dai la namna hiyo linawezekana, lakini halithibitishwi kwa makisio. Lazima pawe na oda zenyewe, bei iliyokubaliwa, na ushahidi kwamba wateja walizifuta kwa sababu ya kuchelewa. Fundi alikuwa na oda moja tu iliyoandikwa, akadai hiyo pekee. Kiasi kidogo kinachothibitika ni bora kuliko kikubwa kinachotiliwa shaka, kwa kuwa shaka huenea hadi kwenye sehemu nyingine ya dai.

Aliwasilisha tarehe 9 Februari. Kwa hesabu ya siku 60, uamuzi ulitarajiwa kufikia tarehe 10 Aprili.

Baada ya kuwasilisha, mdaiwa lazima akabidhiwe hati za dai. Hapa ndipo penye ugumu wa pili. Hati hukabidhiwa na mtu mwenye idhini ya kazi hiyo, naye huapa kwa maandishi kwamba alimkabidhi mdaiwa, wapi na lini. Ikiwa mdaiwa anajificha, mahakama inaweza kuombwa iruhusu njia nyingine, kama vile barua pepe au ujumbe wa simu kwa nambari ambayo amekuwa akiitumia. Mazungumzo yako yanayoonyesha kwamba nambari ile ndiyo aliyofanyia biashara hufaa sana katika ombi hilo.

Mdaiwa aliyekabidhiwa hati asipojibu katika muda uliotajwa, mdai anaweza kuomba hukumu itolewe bila yeye kuwapo. Hukumu ya namna hiyo inaweza kutenguliwa iwapo mdaiwa ataonyesha kwamba hakukabidhiwa hati sawasawa. Kwa hiyo usifurahie njia ya mkato katika hatua hii. Mdaiwa akijibu, dai husikilizwa, mara nyingi kwa njia ya video. Siku hiyo usikose, kwani mdai asiyehudhuria huhatarisha dai lake kutupwa. Ukishindwa, rufani huenda Mahakama Kuu, na ni kwa masuala ya sheria tu, si kwa ubishi juu ya matukio.

Hukumu si fedha

Mnunuzi akishinda, anapata haki ya kulipwa, lakini fedha zenyewe bado ziko kwa muuzaji. Mahakama haimtumi mtu kuzichukua mpaka mdai aombe hukumu ikazwe. Njia zilizozoeleka ni mbili. Ya kwanza ni kukamatwa kwa mali inayohamishika ya mdaiwa na dalali mwenye leseni, kisha kuuzwa. Sheria hairuhusu vitu vya lazima kukamatwa, kama nguo, vyombo vya kupikia, matandiko na zana za ufundi za mdaiwa. Ya pili ni kuomba amri ya kuzuia fedha za mdaiwa zilizo mikononi mwa mtu mwingine, kwa mfano akaunti yake ya benki, ili zilipe deni.

Njia zote mbili zinahitaji ujue mdaiwa ana nini na kiko wapi. Ndiyo maana nambari ya tili, jina la benki lililotajwa katika mazungumzo, au anwani ya duka iliyoonekana kwenye tangazo, huwa na thamani kubwa zaidi siku ya mwisho kuliko siku ya kwanza. Muuzaji mwenye duka na akaunti hulipa mara nyingi hata kabla ya dalali kufika, au huomba alipe kwa awamu. Ukikubali awamu, makubaliano hayo yaandikwe na yawasilishwe mahakamani, ili akivunja awamu moja usilazimike kuanza upya. Muuzaji asiye na anwani wala mali anaweza kukuacha ukiwa na hukumu mkononi na gharama juu yake.

Kwa sababu hiyo, kabla ya kulipa ada ya dai la shilingi elfu tano, jiulize maswali matatu: je, namjua mdaiwa kwa jina lake halisi, je, naweza kumfikishia hati, na je, ana kitu cha kulipia? Fundi wetu aliweza kujibu ndiyo kwa yote matatu, na dai lake lilistahili kufunguliwa. Mnunuzi anayejibu hapana kwa swali la kwanza aanze na polisi na kampuni ya simu, ahifadhi ushahidi wake mahali salama, na afungue dai pindi jina litakapopatikana. Miaka 6 aliyopewa na sheria inamruhusu kufanya hivyo.